Alama za miradi zinapolingana na fedha haitoshi

"Tumepokea maombi 31 ya miradi kutoka kwenye kata, na mapato ya ndani ya maendeleo ni milioni 400. Tumeipa alama 1 hadi 5 lakini karibu yote imepata 4. Tuipangeje?"

Kwanza toa kwenye kapu vitu visivyoshindanishwa: madeni ya wakandarasi na maboma ambayo yakiachwa msimu mwingine wa mvua yataharibika. Tuseme vinakula milioni 100. Kinachogombaniwa ni 300, na ndiyo namba ya kuandika juu ya karatasi. Kisha weka pembeni mradi usio na muhtasari wa kijiji wa kutoa ardhi, au zahanati isiyo na mpango wa watumishi. Hiyo usiipe alama ndogo. Irudishwe kwa waombaji ikakamilishwe.

Alama zinarundikana kwenye 4 kwa sababu hakuna aliyeeleza 4 ni nini. Andika maana ya kila alama kabla ya kufungua maombi. Kwa vyoo vya shule, kiwango ni wasichana 20 kwa tundu moja. Basi alama 1 iwe shule iliyokaribia kiwango hicho, 3 iwe wasichana 40 kwa tundu, 5 iwe zaidi ya 60. Namba hiyo mwalimu mkuu anaijua na mkaguzi anaweza kuihesabu.

Kigezo kinachodanganya kuliko vyote ni kuendana na mpango mkakati. Mpango una malengo mapana kiasi kwamba hakuna mradi usioendana nao. Mtake mwombaji ataje kiashiria chenyewe na mradi utakisogeza kutoka wapi hadi wapi. Anayetaja lengo tu anapata 1. Anayesogeza kiashiria kilichobaki nyuma ya shabaha ya mwaka, kwa namba, anapata 5.

Uzito wa vigezo uamuliwe na menejimenti kabla ya kuona majina ya miradi. Mathalani uhitaji 40, mkakati 30, utayari 15, gharama za uendeshaji 15. Gawa kila alama kwa 5, kisha zidisha kwa uzito wake: vyoo vilivyopata uhitaji 4, mkakati 2, utayari 3 na uendeshaji 3 vinakuwa na 32 + 12 + 9 + 9, yaani 62 kati ya 100. Kila mpimaji ajaze peke yake kwanza. Wakitofautiana kwa alama 2 au zaidi kwenye kigezo kimoja, hapo ndipo pa kujadili. Mara nyingi mmoja amesoma andiko na mwingine amesoma kichwa tu.

Sasa kosa kubwa zaidi: kupanga kuanzia alama ya juu na kushuka hadi fedha iishe. Tuseme baada ya mchujo imebaki mitano (gharama ni kwa milioni):

```
     A          B     C        D
1  Mradi      Alama  Gharama  Chagua
2  Zahanati    80     180      1
3  Soko        76     150      0
4  Maji        70     120      0
5  Vyoo        62      60      1
6  Madarasa    58      50      1
```

Ukishuka kwa alama, unachukua zahanati, soko halitoshi, unachukua maji: alama 150, fedha imeisha. Ukipanga kwa alama kwa kila milioni, unapata madarasa, vyoo na maji: alama 190, milioni 70 zinalala. Kundi bora ni zahanati, vyoo na madarasa: alama 200 kwa milioni 290. Kwa mitano unaweza kujaribu kwa mkono; ikizidi, tumia Solver ya Excel. Lengo ni fomula ya kwanza iwe kubwa kabisa, ya pili isizidi 300, na D2:D6 ziwe bin, yaani 0 au 1.

```
=SUMPRODUCT(B2:B6,D2:D6)
=SUMPRODUCT(C2:C6,D2:D6)
```

Njia hii ina upande wake mbaya: inapenda miradi midogo. Kata ikiligundua hilo, mradi wa milioni 100 utaletwa vipande viwili ili uvune alama mara mbili. Zuia kwa kanuni kwamba vipande visivyoweza kutumika kimoja bila kingine ni mradi mmoja, na uweke alama ya chini ya kuingia, tuseme 50.

Kabla ya kupeleka kwenye Kamati ya Fedha, tikisa matokeo. Soko likichukua nafasi ya zahanati, jumla inakuwa 196 kwa milioni 260. Tofauti ni alama 4 tu, wakati kushusha uhitaji wa zahanati kwa ngazi moja kunaondoa 8. Maana yake vyoo na madarasa vimeshinda waziwazi, lakini kati ya zahanati na soko alama hazijaamua kitu. Usiwaambie madiwani kwamba hesabu imechagua zahanati. Wapelekee makundi yote mawili, na ya soko ionyeshe milioni 40 zinazobaki, waamue wao na sababu iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.