Pesa au posa? Kwa mnaoanza kuchapa maandishi kutoka kwenye picha mbovu

Nyie mnaoanza hii kazi ya kupewa picha za kurasa zilizochapwa halafu mnaandika upya kwenye kompyuta, kitu cha kwanza nataka mkijue ni kwamba neno linalotoka limeharibika kabisa sio shida. Ukiandika "alisxma" kila mtu ataona kuna tatizo na atarudi kuangalia picha. Shida iko kwenye neno lililosomwa vibaya likazaa neno lingine zuri tu la Kiswahili, hilo linapita kila mahali, linapita kwa mhakiki, linapita kwenye programu ya kukagua tahajia, na linakaa humo milele kwa sababu halina dosari yoyote usoni.

Na Kiswahili kina haya mengi sana. Angalia tu e na o: alisema na alisoma, amelewa na amelowa, pesa na posa. Tofauti ya e na o kwenye karatasi ni kile kijistari cha katikati cha e na kale kanafasi kadogo pembeni, basi, na picha ikitikisika kidogo hivyo vyote vinaondoka unabaki na duara. Sasa "jana usiku amelewa" na "jana usiku amelowa" ni habari mbili tofauti kabisa za mtu mmoja.

Kuna sababu kwa nini lugha yetu inaumia hapa. Herufi zenye mkia au pembe ndefu, kama p, k, h, b, g, y, zinavumilia ukungu vizuri kwa sababu zinatoka nje ya mstari, hata ukifumba jicho nusu unaziona. Zinazoumia ni zile fupi za katikati, yaani a, e, o, u, c, n, m, s, r. Na sisi maneno yetu karibu yote yanaishia na vokali, na vokali hizo ndizo zinazobeba sarufi: "wajumbe walipa ada" ni taarifa na "wajumbe walipe ada" ni agizo, zimetofautiana herufi moja ya mwisho tena iliyoko kwenye ile sehemu dhaifu. Kwa hiyo ukijiambia "aah, maana ya sentensi naipata" ujue maana yenyewe inakaa pale pale usipoona.

Sasa kabla hujaanza kusoma neno lolote, tafuta nukta. Naomba mlishike hili maana wengi hawalifanyi. Chukua nukta ya mwisho wa sentensi au ile ya juu ya i, ikuze kwenye skrini uiangalie ilivyo. Karatasini nukta ni duara dogo, kwa hiyo jinsi ilivyoharibika inakwambia picha nzima eneo lile imeharibika vipi. Ikiwa imevutwa kama kistari cha kulala, simu ilitikisika kwenda kushoto kulia. Ikiwa imesimama kama kijiti, ilitikisika juu chini. Ikiwa imevimba ikawa doa kubwa laini pande zote, hapo fokasi haikukaa. Ukiona nukta mbili mahali pa moja mkono ulisogea ukatulia mahali pawili, na kila herufi itakuwa na pacha wake.

Mbona hili lina faida? Kwa sababu kila aina ya ukungu ina herufi zake inazokula. Mtikisiko wa kulala unafuta mistari iliyosimama, kwa hiyo n, m na u zinachanganyikana, r na n zikikaa pamoja zinageuka m, na hapo ndio "kina cha maji" inakuwa "kima cha maji" na zote mbili zina maana, hata muktadha haukuokoi. Lakini mtikisiko huo huo unaacha mistari ya kulala salama, kijistari cha e na kile cha juu ya t bado unaweza kuviamini kiasi. Mtikisiko wa juu chini ni kinyume chake, n na m unazitofautisha kwa kuhesabu miguu ila e inageuka o au c, na t inapoteza kichwa inafanana na l. Hapo ndipo "hati ya nyumba" inakuwa "hali ya nyumba", na zote ni ngeli moja, "ya" haikusaidii kitu. Fokasi mbovu yenyewe inaziba matundu, a, e, o na hata s zote zinakuwa vibonge, na kwenye namba 3, 6 na 8 zinakuwa ndugu.

Giza ni habari nyingine kidogo. Mwanga ukiwa mdogo simu inakusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, ndio maana picha za usiku zinatikisika hovyo, halafu inapandisha usikivu wa kamera na kuleta chengachenga picha nzima, halafu programu ya simu inajaribu kulainisha hizo chenga na inapolainisha inafuta pia mistari myembamba ya herufi. Matokeo yake ni ya ajabu, picha inaonekana safi, laini, haina chenga, ila e zote zimekuwa c na o. Picha laini ya usiku mimi naiogopa kuliko yenye chenga, maana yenye chenga angalau inakuonyesha imeharibika. Chenga nazo zina janja yake, moja ikitua chini ya mstari inakuwa koma, ikitua kati ya namba mbili inakuwa nukta ya desimali. Na ile alama ya king'ong'o kwenye ng' inapotea mapema mno, kwa hiyo ukikutana na "ngoa" kwenye picha ya giza usiamini haraka.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho, mstari huu nimeutunga. Picha imepigwa usiku, nukta zimesimama kama vijiti, unasoma hivi: "Baba yake alipeleka p_sa mapema na familia ika_ipokea." Kwenye p_sa unaona duara, katikati kuna kivuli chepesi ambacho kinaweza kuwa kijistari cha e au kinaweza kuwa takataka.

Kichwa chako kimeshachagua, najua. Kuna baba, kuna familia, inanukia ndoa, utaandika posa. Subiri kwanza. Shuka uangalie herufi za jirani ambazo huna shaka nazo, jirani kweli, maana ukungu haufanani ukurasa mzima, pembeni na kwenye mkunjo wa kitabu ni mbaya zaidi. Neno "alipeleka" lina e mbili zisizo na ubishi, na "ikaipokea" au "ikazipokea", yoyote itakayokuwa, ina o na e ndani ya neno moja. Zikuze zote kwa kiwango kile kile, mara mbili au tatu inatosha, ukizidisha unaona mabokisi tu. Je, e za "alipeleka" zina kivuli katikati? Je, o ya "pokea" haina? Kama e zinacho na o haina, na neno lako linacho, unaegemea pesa. Kama zote zimefanana, jicho limefika mwisho, kubali.

Halafu kuna ule upatanisho. Pima urefu wa neno la mwisho: ikazipokea ina herufi kumi, ikaipokea ina tisa, na nafasi ya z hata kwenye ukungu inaonekana kama pengo lililojaa. Ukipata "ikazipokea" basi ni pesa, posa moja haiwezi kuwa "zi". Lakini ukipata "ikaipokea" usishangilie kwamba ni posa, watu wengi tu wanasema "pesa ameipokea", kwa hiyo ushahidi huo unafanya kazi upande mmoja tu. Hii ndiyo kazi yenyewe, kujua ushahidi wako unafika wapi.

Sasa kuweka alama. Mimi natumia tatu na sijaona haja ya zaidi. Neno ninaloegemea ila sijaapa, naweka alama ya kuuliza kwenye mabano mraba imeshikana na neno. Neno ambalo yote mawili yanawezekana sawasawa, naweka yote mawili na mkwaju katikati. Na pasiposomeka naandika haisomeki pamoja na idadi ya herufi ninayokisia kwa urefu wa nafasi. Inakuwa hivi:

```
alipeleka pesa[?] mapema
alipeleka [pesa/posa] mapema
alipeleka [haisomeki, herufi 4] mapema
```

Sababu zako usizijaze ndani ya maandishi, weka chini kwenye maelezo na namba ya ukurasa na mstari: "uk. 14, mst. 6: e na o hazitofautiani, mtikisiko wa juu chini." Anayehakiki akisoma hilo anajua moja kwa moja aangalie nini. Wanaosoma maandishi ya kale ya mawe na mafunjo walishakubaliana alama zao huko Leiden mwaka 1931, wao wanaweka nukta chini ya kila herufi yenye shaka, mfumo mzuri sana ila kwenye kibodi ya kawaida utalia.

Usiweke alama kila mahali pia. Ukurasa wenye [?] kwenye kila mstari mhakiki anaacha kuziona, anapita tu. Kama ukurasa mzima uko hivyo tatizo sio maneno, ni picha, omba nyingine: mchana karibu na dirisha, viwiko vimeegemezwa mezani, flashi imezimwa kama karatasi inang'aa, na itumwe kama dokumenti sio kama picha, maana zikitumwa kama picha programu za ujumbe huwa zinazibana na herufi ndogo zinaondoka nazo. Namba ndio pekee ninaziwekea alama bila huruma, hata shaka ndogo, kwa sababu "alizaliwa 1936" na "alizaliwa 1938" hakuna upatanisho utakaokwambia ipi.

Ukiomba mtu wa pili akusomee, usimuulize "hii ni posa eti?" Hapo umeshampa jibu. Mkatie kipande cha neno peke yake bila sentensi, muulize anaona herufi gani, aandike, ndipo umuonyeshe mstari mzima. Kama bila sentensi anasema pesa na akiona sentensi anahamia posa, hiyo sio kura ya posa, ni sentensi ndiyo imepiga kura, kwa hiyo andika [pesa/posa] na uendelee na mstari unaofuata.