Kiti kisubiri, nyanyua kioo cha kompyuta kwanza

"Jamani, meza yangu ya kazi ndiyo hii pichani. Ikifika adhuhuri shingo na kiuno moto. Ninunue kiti kipya?"

— Mto wa mgongoni tu, yatakwisha.

— Mto utakifaa kiuno, ukikaa usawa wa mkanda. Shingo hauigusi. Kwenye picha kompyuta mpakato imelala mezani, basi kichwa kinainama kutwa na misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokibeba. Ipandishe juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha utumie kibodi na kipanya vya pembeni, viwiko vikae usawa wa meza. Ukiipandisha bila kibodi, mabega yatanyanyuka na maumivu yatahamia huko. Ganzi ikishuka mkononi, muone daktari.

— Mimi naumwa goti, kiti hichohicho. Nalo ni meza?