Sidiria isiyo na kamba: herufi M haitoshi

Kwenye sidiria yoyote, uzito mwingi wa matiti hubebwa na mkanda unaozunguka mbavu. Ukiondoa kamba za mabegani, mkanda huo unabaki peke yake. Kwa hiyo sidiria ya gauni la mabega wazi ikiteremka, usikimbilie kulaumu vikombe. Mara nyingi mkanda ndio mpana kuliko mbavu zako.

Chukua futi kamba. Pima chini ya matiti, futi ikae sawa mbele na mgongoni, ibane kidogo, nawe umeshusha pumzi. Kisha pima penye kilele cha matiti bila kubana, ukiwa umevaa sidiria isiyo na sponji. Kipimo cha kwanza kinakupa mkanda, na tofauti ya vipimo viwili inakupa kikombe.

Tuseme mmoja ana sentimita 76 chini na 93 juu. Tofauti ni 17, kwa hiyo saizi ya Ulaya ni 75C, ambayo kwa namba za Uingereza ni 34C. Mwenzake ana 83 chini na 96 juu. Tofauti ni 13, naye ni 85A. Duka linalopanga herufi kwa kipimo cha juu peke yake linaweza kuwapa wote wawili M, ingawa mbavu zao zimepishana sentimita 7. M hiyo ikishonwa katikati, yule wa kwanza atashinda akiivuta juu, na wa pili atabanwa mbavu huku vikombe vikibaki na nafasi tupu.

Isiyo na kamba inunuliwe kwa namba. Ifunge kwenye kulabu za nje kabisa, zile za mwisho, kwa sababu lastiki italegea na utahitaji za ndani baadaye. Inua mikono, iname, zunguka kiuno. Mkanda ukisogea, shuka saizi moja ya mkanda na upande kikombe kimoja: 34C inakuwa 32D, ujazo wa kikombe ni uleule. Watu wengi hushusha mkanda wakaiacha C ileile, matiti yakafurika juu. Na usipake mafuta mahali utepe wa silikoni unapogusa ngozi. Utateleza hata kama saizi ni sahihi.

Braleti, ile laini isiyo na waya, inasamehe zaidi kwa sababu kitambaa kinavutika, lakini nayo ina kikomo. Itazame kwa ubavuni kwenye kioo. Lastiki ya chini ikining'inia mbele bila kugusa mbavu, au ikipanda juu ya titi, kikombe ni kifupi, maana titi limekula kitambaa kilichotakiwa kufika chini. Ukienda L, kikombe kitaongezeka lakini mkanda utalegea. Afadhali utafute yenye kulabu nyuma, uchukue L kwa ajili ya kikombe, kisha uufunge mkanda kwenye kulabu za ndani. Ya kuvaa kwa kupitisha kichwani haina marekebisho hayo, labda fundi apunguze lastiki.