Mpenzi ni Msabato, siasa zetu haziivi: lipi ni la kuvunja uhusiano?

"Wakuu, nina miezi miwili na dada mmoja, tunaelewana vizuri sana. Ila yeye ni Msabato wa kweli kweli, mimi dini niliacha siku nyingi. Na kwenye siasa tuko pande mbili kabisa. Juzi ameanza kuwasema watu wa upande wangu, nikanyamaza tu. Hili ni jambo la kuvunja uhusiano au nalikuza?"

Nianze na kule kunyamaza, mkuu, maana kunaharibu hesabu yote. Mtu mwenye msimamo mkali akimwona mwenzake kimya, anachukulia kwamba wamekubaliana. Ukija kusema ukweli wako baada ya nusu mwaka, ataona ulimficha, na hapo ugomvi hautakuwa wa siasa tena, utakuwa wa uaminifu. Kwa hiyo akianza tena, mwambie palepale kwa sentensi moja: "Hapo mimi naona tofauti, ila nataka kujua wewe ulifikaje hapo." Halafu msikilize hadi amalize. Usimkatize, usimwagie hoja. Baada ya robo saa hivi, hamisha mazungumzo wewe mwenyewe. Na mjadala huo usiupeleke kwenye meseji usiku, kwa sababu meseji haina sauti, na mtu aliyeguswa husoma kila neno kwa ukali zaidi ya ulioandikwa.

Kisha tazama anaifanyia nini ile "naona tofauti" yako katika siku zinazofuata. Akirudi na swali, hata kama bado anapinga, hiyo ni dalili njema. Akikutumia klipu za kukufundisha bila wewe kuomba, mwambie mara moja kwamba hupendi, uone kama ataacha. Akiwaita watu wenye mawazo yako wajinga au walionunuliwa, huku anajua sasa kwamba wewe ni mmoja wao, hapo tumetoka kwenye siasa na kuingia kwenye dharau. John Gottman, mtafiti wa Kimarekani aliyetumia miaka mingi kuwatazama wanandoa wakizungumza, aliitaja dharau kuwa ishara nzito kuliko zote za ndoa inayoelekea kuvunjika. Mwanzoni dharau huwa ni ya watu wa mbali, ndiyo maana mtu huivumilia. Siku mtakapogombania pesa au wakwe, maneno yaleyale yatakugeukia wewe.

Kama dharau haipo, tofauti ya chama peke yake mimi nisingeivunjia uhusiano. Watu wawili wanaweza kupiga kura tofauti na jioni wakala pamoja bila shida. Ningeangalia tu kama msimamo wake unawanyima heshima watu ambao huwezi kuwaacha: kabila lako, dada zako, ndugu yako mwenye ulemavu. Hayo si maoni ya kuzoeleka, kwa sababu ndugu hao watakuja nyumbani kwenu.

Dini ndiyo inayohitaji muda zaidi, na watu wengi hukosea hapa kwa kupima ukubwa wa imani. Wanauliza, "Ameshika dini sana?" Swali lenye faida ni: imani hii inamtaka afanye nini, na katika hayo, mangapi yanapita kwangu? Kwa Msabato majibu yako wazi, hivyo kazi yako ni nyepesi kuliko ya mtu mwenye imani isiyo na utaratibu.

Chukua Sabato yenyewe. Inaanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama. Kwa anayeishika kikamilifu, saa hizo hazina kazi ya mshahara, biashara, manunuzi wala burudani za kawaida. Sasa weka wiki yako pembeni ya hiyo. Kama unafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na mpira, harusi za marafiki na matembezi yako yote huangukia Jumamosi, siku mnayoweza kutoka pamoja kwa uhuru inabaki Jumapili tu. Hilo linavumilika kwa mwaka. Je, kwa miaka 20? Jibu kwa kalenda halisi: rudi kwenye Jumamosi zako 8 zilizopita, hesabu ngapi ungekuwa peke yako.

Yapo mengine ya nyumbani. Kanisa lake linafundisha kutoa zaka, yaani sehemu ya kumi ya kipato, na sadaka juu yake. Pesa yake ni yake leo, ila mkishaunganisha mifuko itakuwa inatoka kwenye bajeti moja na kodi ya nyumba. Pombe, tumbaku na nguruwe hatumii. Cha kuuliza ni kama atakubali viwepo ndani ya nyumba mkiishi pamoja. Watu huchanganya hayo mawili kisha wakashangaa baadaye.

Kuhusu ndoa, usisubiri kuambiwa na wazazi wake. Mwongozo wa Kanisa la Waadventista unashauri dhidi ya kuoana na mtu wa imani nyingine, na unawahimiza sana wachungaji wasifungishe ndoa za namna hiyo. Kwa hiyo "tutaona mbele ya safari" kwake inaweza kumaanisha "utabatizwa mbele ya safari", na kwako "tutafunga ya serikali". Wote mnasema maneno yaleyale na kila mmoja anasubiri mwenzake abadilike. Mahusiano mengi ya aina hii huvunjikia hapo, na huvunjika yakiwa yamechelewa.

Watoto ndio jiwe la mwisho. Wasabato hawabatizi watoto wachanga. Mtu hubatizwa kwa kuzamishwa akishaweza kuamua mwenyewe. Hiyo inakupa nafuu, lakini mtoto ataanza Shule ya Sabato akiwa mdogo kabisa, na atakuuliza kwa nini baba haendi. Lazima mjue mtamjibu nini, na mama atamjibu nini wewe usipokuwepo.

Mazungumzo haya yafanyeni kabla hamjatambulishana kwa wazazi, mchana, mkiwa mmetulia, na si Ijumaa jioni. Muulize mambo matatu tu. Je, ungeweza kuolewa na mtu ambaye hataingia dini yako kamwe? Sabato nyumbani kwetu ingekuwaje, kwako na kwangu? Watoto je? Neno "kamwe" usiliache, hata kama linakukwaruza mdomoni. Ukisema "kwa sasa sina dini" unamwachia tumaini, naye atalilea. Na wewe jibu hayohayo mbele yake, maana huenda wewe ndiye unayengoja kwa siri achoke kwenda kanisani.

Akijibu la kwanza kwa "hapana", au kwa "Mungu atakugusa", mwamini. Hapo linavunja uhusiano, hata kama kila mmoja wenu ni mtu mzuri, na kuachana mwezi wa pili kunauma kidogo kuliko mwaka wa tatu. Akijibu "ndiyo" kwa maneno yake mwenyewe, akakueleza Jumamosi itakavyokuwa, hata akikiri kwamba bado anaogopa familia yake itasemaje, mna kitu cha kufanyia kazi. Rudieni maswali hayo baada ya miezi 3 au 4, mkishapita sikukuu moja na msiba au harusi moja ya ukoo. Jibu likibaki lilelile baada ya ndugu zake kusema yao, unaweza kulitegemea.