Kabla ya kuunganisha relei, fungua datashiti ya ATmega328P

Datashiti ya ATmega328P ina mamia ya kurasa, na haikuandikwa isomwe mfululizo kama kitabu cha hadithi. Iendee ukiwa na kazi mkononi. Hapa Kisumu wanafunzi wengi huniletea mashine ya kuangulia vifaranga: chipu inapima joto, kisha inawasha na kuzima taa kwa relei. Kijana mmoja wa Ahero alileta ya kwake kwa sababu relei ilikuwa ikidaka leo, kesho haidaki. Koili alikuwa ameiunganisha moja kwa moja kwenye mguu wa 19. Programu yake haikuwa na kasoro yoyote, basi tukafungua datashiti.

Tulianza na mchoro wa miguu. Kwenye chipu ya miguu 28, mguu wa 19 umeandikwa `PB5 (SCK/PCINT5)`. PB5 ndilo jina lake la kawaida, na yaliyo kwenye mabano ni kazi nyingine unazoweza kuupa. SCK ni njia ya mapigo ya saa wakati wa kupakia programu kwa SPI, kwa hiyo kila akipakia programu mpya mapigo hayo yanaifikia relei pia. Tukahamia mguu wa 15, yaani PB1, ambao kazi zake za pili mashine hii haizihitaji.

Sasa umeme, na hapa naomba mwende polepole. Jedwali la `Absolute Maximum Ratings` linasema miliampea 40 kwa kila mguu. Wengi hulisoma kana kwamba ni ruhusa ya kutumia 40. Sivyo: huo ni mpaka ambao ukivukwa chipu inaweza kuharibika moja kwa moja, na hata kukaa mpakani kwa muda mrefu kunaidhoofisha. Jedwali la kufanyia kazi ni `DC Characteristics`. Hapo, kwa umeme wa volti 5, mguu unaotoa miliampea 20 umehakikishiwa kutoshuka chini ya volti 4.2 (kwenye joto la hadi nyuzi 85).

Namba hizo zinatosha kupiga hesabu. Volti 0.8 zinazopotea, ukizigawanya kwa ampea 0.02, unapata omu 40: huo ndio ukinzani wa ndani ya mguu ukiwa dhaifu kabisa. Relei ya `SRD-05VDC` ina koili ya omu 70 hivi. Jumla ni omu 110, na volti 5 zitasukuma takriban miliampea 45. Mpaka umeshavukwa, na bado koili inapata volti 3.2 tu ilhali inahitaji kama 3.75 ili idake. Mguu wenye nguvu zaidi utaifikisha karibu na kiwango hicho, lakini utakuwa umepitisha umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana inadaka mara nyingine na mara nyingine inagoma. Weka multimita kati ya mguu na graundi wakati umewashwa. Ukisoma volti 3 na kitu badala ya karibu 5, mguu umebebeshwa kuliko uwezo wake.

Tuliweka transista ya 2N2222, resista ya omu 1,000 kutoka mguuni hadi kwenye besi, na diodi ya 1N4007 sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea kwenye volti 5. Mguu sasa unatoa kama miliampea 4 tu, na transista ndiyo inayobeba 71 za koili.

Zikabaki rejista. Ukurasa wa `Register Summary` unaonyesha DDRB hivi: `0x04 (0x24)`. Anwani ya kwanza ni ya amri za `IN` na `OUT`. Ya mabano ni ya kumbukumbu ya data. Ukiandika kwa lugha ya C pointa inayoelekea `0x04`, hutagusa DDRB kamwe, utaharibu rejista ya kazi `r4`, na programu itapotea njia bila onyo. Tumia majina yenyewe:

```c
DDRB |= (1 << DDB1);
PORTB |= (1 << PORTB1);
```

Mstari wa kwanza unaufanya mguu uwe wa kutoa, wa pili unaupandisha.

Chini ya picha ya kila rejista kuna mstari wa `Initial Value`, na wengi huupita. Wa DDRB ni sifuri kwenye biti zote. Maana yake, chipu ikiwashwa, mguu ni wa kuingiza na unaelea hadi programu iufikie. Kwa hiyo tuliongeza resista ya omu 10,000 kutoka mguu wa 15 hadi graundi, ili umeme ukikatika na kurudi usiku taa isiwake kabla ya chipu kusoma joto.