Taa zikipumua jenereta inapobeba mzigo mzito

Ukiitwa usiku kwamba taa zinapumua, yaani zinafifia taratibu, zinang'aa, kisha zinafifia tena, usikimbilie spana. Simama kwanza mbele ya paneli uangalie mita ya Hz huku ukihesabu kimoyomoyo. Kama Hz imetulia na volti ndizo zinazopanda na kushuka, injini haina neno, nenda kwenye AVR, kile kifaa kinachodhibiti volti. Kama Hz inapanda na kushuka sambamba na taa, basi ni mwendo wa injini wenyewe unaoyumba. Na kama taa zinafifia kila kompresa inapowaka, kisha zinatulia, hiyo ni kazi ya mzigo tu. Tafuta balbu moja ya zamani ya waya uitundike karibu nawe, maana taa nyingi za LED huficha mtikisiko huu mpaka uwe mkubwa.

Hapa nitazungumzia mwendo unaoyumba, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapomwonea gavana.

Gavana ya kawaida ya vyuma vinavyozunguka inafanya kazi moja: injini ikipungua mwendo, inasukuma dizeli zaidi, mwendo ukizidi, inarudisha nyuma. Injini ya mizunguko 1500 kwa dakika inatoa 50 Hz, na kwa kawaida utaikuta ikisoma kama 52 Hz bila mzigo, halafu inashuka karibu na 50 ikibeba mzigo wake wote. Kushuka huko ni sawa kabisa. Shida ni kwamba kati ya gavana kuagiza dizeli na injini kuongeza mwendo kuna kuchelewa kidogo. Kitu chochote kikiongeza kuchelewa huko, gavana inapitiliza: inafungua mno, inafunga mno, inafungua tena. Ukitazama leva ya pampu utaiona ikienda na kurudi, nawe utaapa kwamba gavana imeharibika.

Sasa nikupe kisa. Kulikuwa na jenereta ya kVA 100 kwenye ghala la barafu ya samaki upande wa Likoni. Kompresa moja ikiwaka, Hz ilikaa 51 bila kutikisika. Ya pili ikiingia, mita ilianza kushuka mpaka 47, ikarudi 51, ikashuka tena, kila baada ya sekunde tatu hivi. Mlinzi wa zamu aliniambia, "Fundi, gavana ishaguswa mara mbili na bado." Kweli, rangi ya kiwandani kwenye skrubu ya springi ilikuwa imekwaruzwa. Filta pia zilikuwa mpya.

Nilimuuliza swali moja: asubuhi inawakaje? Akasema, "Inasumbua. Mpaka mtu apige pampu ya mkono." Jibu hilo lilinitosha kuacha gavana na kufuata njia ya dizeli. Nitakueleza kwa nini.

Bomba kati ya tangi na pampu ya kuvutia halisukumi dizeli, linaivuta. Ndani yake mna mvuto, kwa hiyo ufa mdogo hapo hautadondosha hata tone moja nje. Badala yake unaingiza hewa. Injini ikilala usiku, hewa hiyo inaacha dizeli irudi tangini, na asubuhi mabomba ni matupu. Mzigo ukiwa mwepesi, mvuto ni mdogo na hewa inayoingia ni kidogo, injini inaivumilia. Mzigo ukiwa mzito, mvuto unaongezeka na mapovu yanakuwa mengi. Povu likifika kwenye pampu, silinda zinanyimwa dizeli, mwendo unashuka, gavana inafungua yote. Povu likipita, dizeli inaingia kwa wingi leva ikiwa bado wazi, mwendo unaruka, gavana inafunga. Ndipo povu jingine linafika. Gavana ilikuwa inafanya wajibu wake muda wote.

Moshi pia ulisema hivyohivyo. Gavana yenyewe ikiwindana na mwendo huku dizeli ikiwa tele, kila mwendo unapopanda chini ya mzigo silensa hutema moshi mweusi. Mzigo ukizidi uwezo wa injini, moshi mweusi hutoka mfululizo na Hz inashuka bila kurudi. Lakini pale Likoni leva ilikuwa imefunguka mpaka mwisho, taa zimefifia, na moshi ulikuwa mwembamba. Leva wazi bila moshi mweusi maana yake dizeli haifiki.

Kuhakikisha, nilitumia jerikeni. Zima injini, iache silensa ipoe, chukua jerikeni safi ya lita 20 yenye dizeli, iweke juu kidogo ya usawa wa pampu, mbali na chuma cha moto. Ingiza mpira mpya wa kuvutia humo, na ule wa kurudisha dizeli uuingize humohumo. Ukiusahau, jerikeni itakauka kabla hujamaliza kupima. Toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, washa, pandisha kompresa zote mbili. Mita ilikaa 50, balbu ikatulia kama imechorwa. Hitilafu ilikuwa kati ya tangi na pampu.

Nikarudisha bomba la tangi, nikaunga kipande cha mpira unaopitisha nuru kabla ya pampu. Mapovu yalipita kama soda. Mpira wa tangini ulikuwa umepasuka chini ya klipu, mahali usipoona mpaka uifungue. Nilikata mwisho ule, nikafunga upya, mapovu yakaisha.

Hapa ndipo nataka uwe makini. Taa hazikupumua tena, lakini kompresa ya pili ilipoingia, Hz ilishuka mpaka 48 na kubaki pale. Kupumua kumekwisha, kulegea kumebaki. Hewa huleta mdundo. Njia iliyoziba bila hewa mara nyingi huleta kulegea kusikorudi mpaka upunguze mzigo. Tulipochomoa bomba la kunyonyea ndani ya tangi, kichujio chake kilikuwa kimevikwa utelezi mweusi kama mlenda. Tangi lisilojaa kwenye joto na unyevu wa pwani hukusanya maji chini, na vijidudu huota pale maji yanapokutana na dizeli. Ule mzibo ndio uliozidisha mvuto, na mvuto ukaupata ule ufa. Filta mpya zisingesaidia, dizeli inazifikia baada ya kupita penye tatizo. Tuliosha tangi, tukatoa maji, mwisho nikarudisha skrubu ya springi mpaka 52 Hz bila mzigo.

Gavana ina makosa yake pia, ila dalili zake ni nyingine: mara nyingi inayumba hata bila mzigo, na jerikeni haibadilishi kitu. Zima injini, fungua kiungo cha leva, kisogeze kwa vidole. Kinatakiwa kiteleze bila kukwama na bila kucheza. Hapa Mombasa chumvi ya hewa hukamatisha viungo hivi, na mara nyingi kusafisha na grisi kidogo kunatosha. Kwa gavana ya umeme, weka alama ya kalamu mahali kitufe cha GAIN, kinachopanga wepesi wa gavana kuitikia, kilipo kabla ya kukigusa, kisha kirudishe nyuma kidogo kidogo mpaka mita itulie. Ukikirudisha mno, injini itachelewa kuamka kompresa inapoingia, nawe utaanza kutafuta kosa jipya ulilolitengeneza mwenyewe.