Osazoni haiwezi kukwambia kama umepata glukozi

"Nataka kurefusha D-arabinozi kwa sianidi nipate D-glukozi. Nitahakikisha kwa osazoni, halafu nitaipunguza kaboni moja kwa njia ya Ruff nione kama arabinozi inarudi. Inatosha? Na nitegemee mazao kiasi gani?"

Mkuu simama hapohapo, hiyo osazoni, zile fuwele za njano za sukari na fenilihidrazini, ndo ilinilia wiki tatu. Mimi nilipata sindano za njano zimejipanga kama ufagio, zikayeyuka karibu na 205 °C kama osazoni ya glukozi inavyotakiwa, nikaandika kwenye chupa "D-glukozi" nikaendelea na kazi. Kuja kupima kwenye polarimita inavyozungusha mwanga, nategemea +52.7 ya glukozi inanisomea +27!

Shida iko hivi. Sianidi inaweza kuingia kwenye aldehaidi kwa upande wowote kati ya miwili, na ile aldehaidi ya zamani ndo inageuka C2 mpya. OH yake ikikaa kulia ukimaliza una glukozi, ikikaa kushoto una manozi, na C3, C4, C5 zote ni zilezile za arabinozi hazijaguswa. Kwa hiyo lazima upate zote mbili, na wala sio nusu kwa nusu, maana arabinozi yenyewe ina kaboni zake zenye kulia na kushoto tayari, na pande mbili za aldehaidi hazilingani. Manozi inasoma +14.2, ukipiga hesabu +27 yangu ilikuwa thuluthi tu ya glukozi, iliyobaki manozi.

Sasa fenilihidrazini ikizidi na ukichemsha, inaila C1 na C2 zote, tofauti pekee kati ya hizo sukari inafutika, osazoni inatoka moja. Aliyetuandikia maelekezo ya maabara aliweka "osazoni moja = sukari moja" na bado inaniuma, maana mtu aliyewahi kuchora hizo molekuli mbili asingeandika vile.

Na Ruff ni mtego uleule. Maji ya bromini yanakupa asidi, unatengeneza chumvi ya kalsiamu, hidrojeni peroksaidi na chuma(III) vinaitoa C1 kama CO2, halafu C2 inakuwa aldehaidi. Ilikuwa kulia au kushoto haijulikani tena, arabinozi itarudi safi kabisa hata kama chupani ulikuwa na manozi tupu, na wewe utafurahi bure.

Kwahiyo usithibitishe C2 kwa kipimo kinachoiharibu C2. Chukua sampuli kidogo, tia fenilihidrazini kwenye asidi asetiki hafifu, IKIWA BARIDI, usipashe kabisa. Manozi inadondosha hidrazoni nyeupe mapema tu, ya glukozi inabaki imeyeyuka. Mimi nilipoirudia hivyo neli ilijaa unga mweupe kabla sijamaliza kuosha vyombo. Ukiuona huo unga ujue manozi imo, na kwenye polarimita peleka sampuli nyingine ambayo hujaitia fenilihidrazini.